Fundi Pua na Harufu ya Samaki Chumbani

Mafundi umeme wengi wakiingia nyumbani kwako hutoa testa kwanza. Yeye alitanguliza pua. Alisimama katikati ya chumba, mikono nyuma, macho kayafumba, akavuta hewa taratibu kama mtu anayeonja mchuzi kwa mbali, na wenye nyumba wote wakanyamaza. Kisha akanyoosha kidole: kule, nyuma ya kochi. Ukivuta kochi, kweli unakuta plagi imeungua miguu. Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Pua, na jina lililoandikwa kwenye cheti chake wakabaki nalo mke wake na benki.

Tusimwonee, kipaji alikuwa nacho. Alijua kwamba moshi mkali wa plastiki, ule unaokwaruza koo, ni ganda la waya linayeyuka na hakuna muda wa kupiga soga. Alijua harufu ile kali kidogo, kama ya hewa baada ya radi, kwamba mahali fulani kuna cheche zinaruka kimyakimya. Na alijua ile inayowachanganya watu wengi kuliko zote, harufu ya samaki ndani ya nyumba ambayo samaki hajaingia. Plastiki ya soketi ikipata moto polepole hutoa harufu hiyo. Watu hutafuta samaki chini ya kitanda, hutafuta panya aliyekufa, humwaga dawa sakafuni, na soketi inaendelea kuiva ukutani. Pua alikuwa akiwacheka watu wa namna hiyo, akiwasimulia kwenye kila nyumba aliyoingia, na wenyeji wakacheka naye.

Basi akaugua mafua. Si mafua ya kutisha, yale tu ya kulala kitandani na kumsumbua mke kwa chai ya tangawizi. Homa ikaisha, kikohozi kikaisha, nguvu zikarudi. Pua haikurudi. Ilikuwepo pale usoni, nzuri tu, inapumua vizuri, lakini haikusikia kitu. Alinusa kitunguu kilichokatwa, akaona machozi yanamtoka bila harufu yoyote. Alinusa mafuta ya taa, soksi zake mwenyewe, shingo ya mke wake. Hamna. Akajiambia itarudi wiki ijayo, na wiki ijayo akajiambia vivyo hivyo.

Angemwambia mtu mambo yangeishia hapo. Lakini ungemwambiaje mtu? Fundi anayeitwa Pua, hana pua? Vijana wa kijiweni wangepata kicheko cha kuwatosha mwaka mzima. Akajikaza kisabuni, akaendelea na kazi, na kibaya zaidi, akaendelea na ile michezo yake ya katikati ya chumba. Alisimama, akafumba macho, akavuta hewa tupu. Kisha akauliza maswali ya werevu, akatazama waya zilizoonekana, akabahatisha. Mara nyingi alipatia, kwa sababu uzoefu haukuwa umemtoka. Angetumia na zana zake kama fundi mwingine yeyote, angepatia kila mara. Hakutaka kuonekana anazihitaji, na hapo ndipo ujinga wake wote ulipokaa.

Siku moja mshonaji nguo wa barabara ya sokoni alimwita. Alisema akiwasha pasi anasikia harufu ya plastiki inaungua. Pua akaingia, pasi ikiwa imewashwa, akasimama hatua mbili kutoka kwenye meza ya kupigia pasi, akavuta hewa, akatikisa kichwa. "Hiyo ni takataka, mama. Kuna watu wanachoma mifuko huko nyuma." Ni kweli nyuma palikuwa na jalala, na watu huchoma. Mshonaji alimtazama kwa muda, akasema haya, asante fundi. Pua akatoka akiwa na furaha ya mtu aliyefaulu mtihani bila kusoma.

Mama mkwe wake alikuwa mwanamke mnene, mcheshi, anayeuza maji baridi na barafu nyumbani kwake. Friza la biashara lilikaa chumbani mwake kwa sababu sebule ilikuwa ndogo, nalo lilichomekwa kwenye waya wa kuongezea, na waya ule ulikwenda mpaka soketi iliyokuwa nyuma ya kabati la nguo. Kwenye waya huohuo aliunga pia birika la umeme la kuchemshia maji ya kunywa. Kwa Pua, mkwewe, alikuwa na mapenzi ya wazi mno hata watoto wake wa kuzaa walilalamika. Mgeni akifika, kabla hata hajakaa, ataambiwa habari za mkwe fundi, mwenye pua kama ya mbwa wa polisi.

Asubuhi ile Pua alipita kwake akiwa njiani kwenda kazini ng'ambo ya mji.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Afadhali umekuja. Chumbani kwangu kuna harufu ya samaki, na mimi samaki sijapika tangu wiki iliyopita. Ikifika mchana inazidi. Njoo uinuse mwenyewe."

Msomaji yeyote ameshaelewa. Na yeye alielewa, tuseme ukweli. Kitu kilimgonga ndani pale alipolisikia neno samaki. Lakini hapo mlangoni walikuwa wamekaa wateja wawili wa barafu, na mama mkwe alikuwa ameshawageukia kuwaambia, "Sasa tazameni, huyu ndiye niliyewaambia." Pua akaingia chumbani, wao nyuma yake. Akasimama. Akafumba macho. Akavuta hewa.

Hakusikia kitu. Hewa ilikuwa safi kama maji ya mvua, kwake yeye. Na pale pale, badala ya kusogeza kabati, badala ya kuweka mgongo wa mkono kwenye ukuta kuona kama una joto, badala ya kutoa bisibisi iliyokuwa mfukoni, aliona kazi ya kusogeza kabati mbele ya watu kama kukiri. Fundi Pua hasogezi makabati kubahatisha. Alifungua macho akasema, "Sio umeme, mama. Ni panya. Kafia kwenye dari. Mwaga dawa ya sakafu, siku mbili tatu itaisha."

"Mimi nilidhani ni umeme," alisema mama mkwe, "maana wewe mwenyewe uliwahi kusema samaki ni umeme."

"Samaki huyu ni wa aina nyingine," alisema, na wateja wakacheka.

Akaondoka na gari lake, lile la kubebea ngazi na waya. Mke wake alikuwa amemwambia alfajiri kwamba uani, pale anapoegesha, kunanukia kama sharubati. Alimjibu kuwa ni sabuni yake mpya ya kufulia, wala hakugeuka kutazama. Sasa alipokuwa barabarani kioo cha mbele kikaanza kupata ukungu wa ajabu, ukungu wa mafutamafuta usiofutika kwa kitambaa. Akaendelea kuendesha huku ameinamisha shingo. Mshale wa joto ukapanda. Alipouona ulikuwa umeshafika pabaya, na mvuke ulianza kutoka chini ya boneti. Kwa bahati palikuwa na gereji kando ya barabara. Akaingia, akazima injini.

Fundi magari wa pale, mtu mwenye vidole vyeusi mpaka kwenye kucha, wenzake wakimwita Grisi, alikuja bila haraka. Hakufungua boneti kwanza. Alifungua mlango wa abiria, akaingiza kichwa, akakitoa.

"Kaka, wewe huna pua?"

Pua alidhani ametambuliwa. Mtu yule hakumjua wala hakujua jina lake. Aliuliza tu.

"Gari zima linanukia sukari," aliendelea Grisi. "Hii ni kulanti, yale maji ya kijani ya radieta. Tazama zulia la chini, limelowa. Kile kiradieta kidogo cha ndani, cha kupasha hewa joto, kimetoboka, mvuke wake ndio unapaka kioo chako mafuta. Hii haijaanza leo. Ungekuwa unasikia harufu tamu kwa wiki nzima."

Pua akanyoosha mkono kufungua kifuniko cha radieta, na Grisi akamkamata kifundo. "Unataka uso wako uive? Kiache kipoe. Na nyumbani una mtoto?"

"Nina binti, bado mdogo."

"Unapoegesha, pana kidimbwi?"

"Sijui."

"Basi piga simu. Kitu hiki ni kitamu mdomoni, na mtoto hajui. Paka naye hajui. Ni sumu, inaua figo. Wakimwagie mchanga hicho kidimbwi, wauzoe, kisha waoshe kwa maji mengi."

Alimpigia mke. Mke akasema ameshamwaga mchanga tangu asubuhi, alidhani kuna mtu kamwaga kinywaji, na binti yuko ndani amelala. "Si nilikuambia kunanukia?" alisema, wala hakusikika amekasirika. "Hukusikia kweli?" Pua akajibu kwamba simu inakatika.

Alikaa juu ya tairi chakavu. Gari lilikuwa likinukia sukari kwa wiki nzima na yeye ndani yake kila siku, ameshika usukani, hajui. Mke alisikia kutoka uani. Mtu wa gereji alisikia kabla kichwa hakijaingia chote. Na asubuhi ile alikuwa amesimama katika chumba cha mwanamke anayempenda kama mwanawe, akasema panya. Kilichokuwa kimemgonga mlangoni kikamrudia, safari hii kwa nguvu zote. Mama mkwe hulala mchana. Akishauza barafu ya asubuhi hufunga mlango, huweka birika, hujilaza kitandani, na kitanda kimegusana na kabati.

Alipiga simu. Ikaita mpaka ikakatika. Akapiga tena. Alikuwa ameshaanza kutafuta kwa macho mtu mwenye pikipiki pale aliposikia sauti nzito ya usingizi.

"Baba, nini tena?"

"Mama, toka chumbani. Nenda kwenye swichi kuu, ile ya mlangoni, uizime. Sasa hivi."

"Nizime umeme? Na barafu yangu?"

"Izime mama, nakuomba."

"Kwani panya ana uhusiano gani na umeme?" Alikuwa anatania, lakini hakuwa ameinuka, hilo Pua alilisikia, kitanda hakikulia. "Wewe mwenyewe ulinusa. Au nimesikia vibaya?"

Angeweza kusema uongo mwingine. Ulikuwa tayari mdomoni, kwamba kampuni ya umeme imetangaza hitilafu. Ungetosha, na mama angezima. Ila kesho angewasha tena, kwa sababu mkwe wake alikuwa amesema ni panya.

"Sikunusa kitu," alisema. "Sisikii harufu, mama. Tangu yale mafua. Nilidanganya."

Kisha kitanda kikalia, na nyayo zikavuta viatu sakafuni, na swichi ikagonga.

"Nimezima," alisema mama mkwe, na akakata simu.

Grisi akampa pikipiki yake bila kuuliza maswali. Njiani Pua hakufikiria moto. Alifikiria zile nyayo na ile sauti ya kukata simu.

Mama mkwe alikuwa amekaa barazani juu ya ndoo iliyopinduliwa, na mwanamke jirani alikuwa amekaa naye. Hakumwangalia Pua machoni. Pua akaingia, akapima kwa testa kuhakikisha umeme kweli haupo, akasogeza kabati. Nyuma yake ukuta ulikuwa na duara la kahawia. Soketi ilikuwa imeyeyuka kama mshumaa, na plagi ya ule waya wa kuongezea imegandamana nayo. Alipoifungua alikuta skrubu moja imelegea, waya wake umeacha kushika vizuri, na kila friza na birika vilipovuta umeme mahali pale palikuwa panachemka. Ganda la waya lilikuwa jeusi mpaka ndani ya ukuta. Fyuzi haikuwa imekatika, na isingekatika. Umeme haukuwa umezidi. Ulikuwa unapita mahali palipolegea, basi. Nguo mbili zilizoning'inia nyuma ya kabati zilikuwa na alama ya kuungua kwenye pindo. Alizishika. Bado zilikuwa na joto.

Akatoka nazo mkononi kwa sababu hakujua aziweke wapi.

"Mama, nisamehe."

Mama mkwe alizitazama zile nguo. Jirani ndiye aliyesema, na hakusema kwa ubaya. "Mimi nilimwambia mama huyu tangu juzi ni umeme. Leo ulipoondoka nikaja nikasikia tena, nikamwambia azime. Akanifukuza. Akasema kama mkwe wangu amenusa, wewe ni nani?"

"Nilikufukuza kweli," alisema mama mkwe. Sasa ndipo alipomwangalia Pua. "Na nilipojilaza, harufu ilikuwa imenijaa puani. Nikajiambia, mimi nimezeeka. Nikajiambia pua yangu imeharibika, maana yako haiwezi kuharibika. Nikajifunika shuka usoni ili nisiisikie."

Pua alitamani ardhi ipasuke immeze. Angependa atukanwe. Alijua jinsi ya kusimama mbele ya matusi, kichwa chini, mpaka yaishe. Hakujua jinsi ya kusimama mbele ya mwanamke aliyejifunika shuka usoni kwa ajili yake.

"Nilipaswa kugusa ukuta," alisema. "Mgongo wa mkono tu. Ingetosha."

"Kwa nini hukugusa?"

"Niliona haya."

"Mbele ya wanunuzi wa barafu," alisema mama mkwe taratibu, kama anayejaribu kuelewa bei ya kitu. Kisha akainuka, akajipangusa nguo. "Haya. Nyumba hii ina soketi nyingine. Nitanusa mimi, wewe ushike bisibisi."

Wakafanya hivyo mchana ule. Mama mkwe aliinama kwenye kila soketi na kila swichi, akavuta pumzi kwa nguvu, akasema hapa hamna, na Pua akaifungua vilevile, akakaza skrubu, akagusa, akapima. Hakuruka hata moja. Jirani aliwashikia tochi. Mara moja mama mkwe alisema kwamba kazi hii inaumiza mgongo, na Pua akasema ndiyo, inaumiza.

Aliporekebisha ile ya chumbani na kuweka soketi mpya, alikumbuka nyumba nyingine. Hakuzihesabu. Zilimjia zenyewe, chumba kimoja kimoja, na yeye katikati ya kila kimoja amefumba macho. Kule kwa wazee wawili wenye jokofu la zamani. Kule kwa mama mwenye mapacha. Na mshonaji, ambaye alikuwa amesema plastiki, akamwambia takataka. Hilo lilikuwa la hatari kuliko yote. Akaenda kusimama kwenye kona ya uani, akatafuta namba ya mshonaji, akapiga moyo konde.

"Fundi, habari yako," alisema mshonaji. Nyuma yake cherehani zilikuwa zinalia.

"Salama. Mama, ile harufu ya plastiki uliyoniambia. Usiwashe pasi. Nakuja kesho asubuhi, wala sitakudai kitu. Siku ile nilikosea."

"Aa, ile ilishatengenezwa. Niliita fundi mwingine siku ileile."

Pua akashusha pumzi. "Alikuta nini?"

"Waya wa pasi umeyeyuka pale unapoingia kwenye plagi. Ulikuwa unatoa moshi, fundi." Akapunguza sauti ili wafanyakazi wake wasisikie. "Ulikuwa unatoa moshi ulipokuwa umesimama pale pale. Mimi macho yalikuwa yananiwasha, na wewe umefumba yako unanusa. Hapo nikajua. Nilimwambia hata huyo fundi mwingine kwamba wewe hukupata nafasi ya kuja."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambiaje, baba? Niliona haya kwa niaba yako."

Cherehani ziliendelea kulia. Ndani ya nyumba mama mkwe alikuwa anaita, anasema ile soketi ya karibu na jiko haielewi, njoo uishike. Pua aliweka simu mfukoni kwanza, kisha akaitoa tena, kwa sababu bado kulikuwa na wale wazee wenye jokofu, na wao hawakuwa na fundi mwingine.